Tangazo la uongo na nadharia tatu za maadili ya biashara: mwongozo kamili wa kujibu bila kuishia "kwa hiyo sio sawa"

Asaimenti ya kuchambua tangazo la uongo kwa nadharia tatu za maadili nimeisahihisha kwa awamu tatu sasa, na kila awamu nakutana na karatasi ileile, jina la mwanafunzi tu ndo limebadilika. Ukurasa wa kwanza Bentham na Mill, wanafalsafa wa manufaa, kazaliwa lini kafa lini. Wa pili Kant, wa haki. Wa tatu Aristotle, wa tabia njema. Halafu mistari minne ya mwisho ndo inasema kwa mtazamo wa manufaa tangazo sio sawa, kwa mtazamo wa haki sio sawa, kwa mtazamo wa tabia njema pia sio sawa, hivyo kampuni ilikosea. Maksi nane kwa ishirini, na mtu anakuja ofisini amenuna kweli kweli, mbona kaandika kurasa tano.

Kurasa tano sawa, lakini hajazitumia nadharia, amezitambulisha tu kama mshereheshaji anavyotambulisha wageni meza kuu. Sasa hapa historia tunaruka yote. Tunachukua kesi moja ya kweli, tunaifanya mwanzo mpaka mwisho, na wewe ukipewa tangazo lingine unapita njia hiyohiyo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza kuandika

Maneno yenyewe ya tangazo, neno kwa neno. Sio "walidanganya kuhusu vitamini". Andika sentensi ilivyosemwa, maana ugomvi wote upo ndani ya sentensi. Ukiwa na picha ya lebo ni bora zaidi.

Ukweli uliopimwa. Nani alipima, alipata nini. Kama kesi yako haina kipimo chochote basi unasengenya, huchambui.

Mpangilio wa nani alijua nini, lini. Hiki watu hawakileti kabisa na ndicho kinachoamua maksi. Mtu aliyekosea bila kujua na mtu aliyeambiwa akanyamaza hawawezi kupata jibu moja.

Kifungu kimoja cha sheria. Kimoja tu, na nitakwambia kwa nini usilete vinane.

Karatasi tupu na penseli. Usianze kwenye kompyuta, utaanza kupamba.

## Kesi tunayotumia

Mwaka 2004 wasichana wawili wa miaka 14 kwenye shule ya Pakuranga College, Auckland, New Zealand, walikuwa wanafanya mradi wa sayansi wa shule. Wakachukua vinywaji vya matunda vya dukani wapime vitamini C. Walitegemea vile vya bei rahisi ndo vitakuwa hovyo. Ilipofika zamu ya Ribena iliyo tayari kunywa, vitamini C karibu hakuna, wakati Just Juice, juisi ya kawaida tu, ilikuwa nayo kwa wingi.

Ribena wakati huo ilikuwa ya GlaxoSmithKline, kampuni kubwa ya dawa. Tangazo lilisema matunda ya blakikaranti yaliyomo kwenye Ribena yana vitamini C mara nne ya machungwa, na lebo ya kinywaji ikadai miligramu 7 kwa kila mililita 100.

Wale watoto wakaitafuta kampuni, hawakupata jibu la maana. Wakaendelea mpaka kwenye kipindi cha tivii cha kutetea walaji, na mwisho suala likafika Tume ya Biashara ya nchi hiyo. Tume ikapima yenyewe, na kwenye kile kinywaji kilicho tayari haikuona vitamini C inayopimika. Machi 2007 kampuni ikakiri makosa 15 mahakamani chini ya sheria yao ya biashara ya haki ya mwaka 1986, ikapigwa faini ya zaidi ya dola 200,000 za New Zealand na ikaamriwa itangaze marekebisho.

Mimi naipenda kesi hii kwa sababu inaanzia darasani kweli. Unaweza hata kuionyesha: tone la ayodini kwenye maji ya wanga linageuka bluu nyeusi palepale, ukikamulia ndimu kwanza lile tone linapotea, unaongeza lingine linapotea tena, mpaka vitamini C iishe ndo bluu inabaki. Kinywaji kisicho na vitamini kinageuka kwa tone la kwanza tu. Ila angalia, kinywaji chenye rangi ya zambarau iliyokolea kinaficha ile bluu, kipunguze kwa maji kwanza, mimi siku ya kwanza niliaibika mbele ya watu arobaini.

## Hatua ya 1: Ivunje sentensi ya tangazo

Chora safu tatu. Kwanza kilichosemwa, pili mnunuzi anachoelewa, tatu ukweli.

Kilichosemwa: *matunda* ya blakikaranti yana vitamini C mara nne ya machungwa. Mnunuzi anachoelewa: hiki *kinywaji* kina vitamini C kuliko juisi ya machungwa. Ukweli: tunda linayo nyingi, ila vitamini C inaharibika kwa joto, hewa na muda, na kwenye kile kinywaji haikuwepo ya kupimika.

Hapo ndo kila mwaka mkono unanyooshwa nyuma. "Ticha, lakini si walisema ukweli? Tunda si linayo?"

Ndiyo, linayo. Na muuza maziwa aliyechanganya maji anaweza kukwambia "mama, ng'ombe wangu anatoa maziwa mazito sana", na ni kweli, ng'ombe anatoa. Hajasema chochote kuhusu jagi. Wewe ndo umeunganisha, na alijua utaunganisha, ndo maana alimtaja ng'ombe.

Kwa nini hatua hii ni ya lazima: ukiandika "walidanganya" bila kuivunja, msahihishaji anakuuliza neno gani la uongo, na kwenye ile sentensi ya matunda huna. Lakini lebo ni mnyama mwingine kabisa. Miligramu 7 kwenye kinywaji ambacho hazimo ni uongo wa moja kwa moja. Kesi moja ina makosa mawili ya aina tofauti, yatenganishe hapahapa, maana huko mbele kila nadharia inayachukulia tofauti.

Utajua imekaa sawa pale ambapo mtu asiyesoma kozi yako anasoma safu zako tatu na kusema "ahaa, kumbe walichezea hapo".

## Hatua ya 2: Tafuta mtu mmoja, siku moja, na njia tatu

Kosa kubwa la pili ni kuuliza "je, tangazo hili ni la kimaadili?" Swali la hivyo linajibika kwa neno moja, ndo maana karatasi yako inaisha na neno moja. Tatizo la kimaadili lina mtu anayetakiwa kuamua na saa inakwenda.

Kwa hiyo kwa asaimenti jiweke kwenye kiti. Wewe ni meneja masoko wa kinywaji hicho, 2004. Asubuhi mtu wa mapokezi anakwambia kuna watoto wa shule wamepiga simu, wanasema wamepima na vitamini hamna. Una njia tatu (hizi nimezitunga za darasani, sio kwamba kampuni ilikaa kikao ikazijadili):

Njia A. Wajibu kwa upole kwamba tangazo linazungumzia matunda, endelea na kazi.

Njia B. Pima kimyakimya. Ukikuta ni kweli, badili lebo na tangazo kwa mzigo unaofuata, uliopo madukani uachwe uishe, hakuna tangazo kwa umma.

Njia C. Simamisha tangazo leo, pima haraka, ikithibitika tangaza hadharani na rudishia watu pesa.

Onyo: usiweke njia mbili tu, kudanganya na kutodanganya. Kila nadharia itachagua ileile na utakuwa huna cha kuandika. Ile B ndo chumvi. Inaonekana ya busara, haina ugomvi, na ndo ambayo ofisi nyingi zingeichagua kesho asubuhi. Nadharia zako zinapimwa kwa jinsi zinavyoishughulikia B.

## Hatua ya 3: Nadharia ya manufaa

Hapa unauliza njia ipi inaleta hali bora zaidi kwa jumla kwa kila anayeguswa, na kila mtu anahesabiwa mara moja, mwenye hisa na mama wa Auckland uzito sawa.

Anza na orodha ya waguswa. Wanafunzi wanaandika wateja, kampuni, serikali, basi. Ongeza hawa wawili wanaosahaulika: mtoto anayekunywa, ambaye sio yeye anayelipa, na mshindani mwaminifu. Yule mwenye juisi yenye vitamini kweli anakosa soko kwa sababu ya sentensi ya mwenzake. Hasara yake ni halisi na karibu hakuna karatasi inayomtaja.

Halafu njoo kwenye pesa, na hapa taratibu, maana ndo watu wanadondoka. Tuseme, namba za kubuni hizi, familia 50,000 kila wiki zinalipa dola 1 ya ziada kwa sababu zinaamini wananunua vitamini, na njia B itaacha mzigo uuzwe wiki 10. Hiyo ni dola 500,000. Mwanafunzi anaandika "hasara kwa jamii dola 500,000". Hapana. Hiyo pesa haijaungua, imehama mfuko, imetoka kwa mama imeingia kwa kampuni. Kwa mtu wa manufaa kuhama peke yake sio hasara, inabidi uonyeshe kilichopotea kwenye kuhama.

Kilichopotea ni nini? Kwanza ile dola kwa mama anayehesabu chenji inauma kuliko inavyomfurahisha mwenye hisa. Pili, na hili ndo zito, mama angenunua nini kingine? Kama angenunua juisi ya kawaida yenye vitamini kweli, na wale watoto walionyesha ilikuwepo tena kwa bei nafuu, basi mtoto amekosa kitu ambacho angekipata. Kama angenunua soda, mtoto hajapoteza vitamini yoyote. Kwa hiyo jibu linategemea *badala ya nini*, na ukiiandika hiyo sentensi moja msahihishaji anaamka kwenye kiti.

Tatu ni imani kwenye lebo zote. Ukiangalia tukio hili moja tu madhara ni madogo, upungufu wa vitamini C kwa watoto wanaokula matunda na mboga sio jambo la kawaida, na mtu mkweli anakubali kwamba hesabu ya tukio moja inaweza kuipa ushindi njia B: lebo inarekebishwa, taharuki hamna, kazi za watu kiwandani zinabaki. Lakini kuna watu wa manufaa wanaohesabu kanuni badala ya tukio. Wanauliza, je, kanuni ya "ukigundua lebo ni ya uongo malizia mzigo kwanza" ikifuatwa na kila kampuni, tunabaki na nini? Tunabaki na lebo ambazo hakuna anayeziamini, na kila mzazi apime mwenyewe jikoni. Hapo hesabu inahamia C.

Andika zote mbili. Usifiche ile ya kwanza eti kwa sababu haikufurahishi.

Onyo kubwa la hatua hii: "kampuni itapata faida, kwa hiyo kwa mtazamo wa manufaa ni sawa" sio nadharia ya manufaa, ni ubinafsi uliovaa koti lake. Na kuandika "wakikamatwa watapigwa faini" inaruhusiwa, faini ni matokeo, ila ikiwa ndo hoja yako peke yake umesema kudanganya ni sawa mradi usikamatwe. Soma tena ulichoandika uone kama umesema hivyo bila kujua. Wengi wamesema.

## Hatua ya 4: Nadharia ya haki

Hapa hatujumlishi chochote. Haki ikishakuwepo, faida za watu wengine elfu hazinunui ruhusa ya kuivunja.

Usiandike "haki za walaji zimevunjwa" ukaishia hapo. Jaza nafasi nne: haki gani, ya nani, nani ana wajibu, ilivunjwa na kitendo gani. Mfano: haki ya kupata taarifa sahihi, ya mzazi anayenunua, wajibu ni wa anayeandika lebo, ilivunjwa pale lebo ilipodai miligramu 7 ambazo hazimo. Imekamilika.

Sasa unaitoa wapi hiyo haki? Kuna sehemu mbili, chagua moja uisimamie vizuri.

Ya kwanza ni hoja yenyewe ya Kant, kwamba mtu usimtumie kama chombo tu cha kufikia lengo lako. Namna ya kuitumia kwenye tangazo ni hii: uliza kama mpango ungefanya kazi mteja akiujua wote. Bei ya jumla kuwa chini kuliko ya rejareja mteja anajua na bado ananunua, hajatumiwa. Lakini ile sentensi ya blakikaranti inauza *kwa sababu* mzazi hajui tofauti ya tunda na kinywaji. Mwambie tofauti, sentensi inakufa. Hapo unaona kwa nini ukweli wa herufi hauwaokoi, kilichomtumia mzazi ni kutojua kwake, na kutojua huko walikitegemea.

Ya pili ni haki zilizotamkwa rasmi. Tarehe 15 Machi 1962 Rais Kennedy aliliambia bunge la Marekani kwamba mlaji ana haki nne: usalama, kupewa taarifa, kuchagua na kusikilizwa. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 46, inampa mlaji haki ya kupata taarifa anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa. Tanzania kuna Sheria ya Ushindani ya 2003, kifungu cha 15, inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha *au unaoelekea kupotosha*. Ona hayo maneno ya mwisho. Hakuna anayeuliza kama kila neno ni kweli, anauliza kama watu watapotoka.

Lakini kesi yetu ni ya New Zealand, kwa hiyo kifungu chetu hakiihukumu. Kitumie kuonyesha haki hiyo inatambulika, basi. Ndo maana nilisema kifungu kimoja. Ukileta vinane karatasi inageuka ya sheria na msahihishaji wa maadili hana pa kukupa maksi. Na kuna siku sheria itakuwa kimya na tangazo bado ni ovyo, utasema nini?

Sasa weka njia zako. A inavunja haki ya taarifa na ile ya kusikilizwa kwa mkupuo, maana watoto walileta ushahidi wakapewa maelezo ya matunda. B inawatendea haki wanunuzi wa *kesho*. Waliokwisha kulipa jana, na watakaolipa wiki 10 za kumalizia mzigo, bado wanadaiwa. Ile njia iliyoonekana ya amani kumbe inawalipa wapya ikiwaruka wa zamani. C peke yake inawagusa wote.

Mpe na kampuni haki yake, hili linaongeza uzito. Kampuni ina haki ya kujieleza na kusifia bidhaa yake, na ina haki ya kutohukumiwa kwa kipimo cha maabara ya shule pekee. Hiyo ya pili ndo inaeleza kwa nini C inasema "pima haraka, ikithibitika".

Ukimaliza hatua hii unatakiwa uweze kumtaja kwa kidole anayedai na anayedaiwa. Kama bado unaandika "jamii ina haki", rudi.

## Hatua ya 5: Nadharia ya tabia

Hii ndo inaandikwa vibaya kuliko zote, na naelewa, inaonekana rahisi. "Mtu mwema hawezi kudanganya, hivyo ni vibaya." Mstari mmoja, sifuri.

Swali lake ni tofauti. Haliulizi kitendo kipi kina matokeo mazuri wala nani ana haki gani, linauliza *mtu mwenye busara na tabia iliyokomaa angefanya nini akikaa kwenye kiti hiki*, na kukifanya kitendo hiki kila siku kunakujenga uwe mtu wa aina gani. Kwa hiyo usiichambue "kampuni", kampuni haina uso. Chambua mtu.

Zana ya Aristotle ni katikati: kila tabia njema ipo kati ya kuzidi na kupungua. Na ukweli kuhusu nafsi yako aliuweka kati ya kujigamba na kujishusha. Hiyo ni zawadi kwa mtu wa matangazo! Tangazo la kujishusha haliuzi, hakuna anayekudai useme "kinywaji chetu ni cha kawaida tu". Kusifia ladha, rangi, watoto wanavyokipenda, yote ni kazi ya kawaida ya soko. Kujigamba kunaanza pale unapojivika kitu ambacho huna. Kwa kipimo hiki ile sentensi ya matunda ni majigambo ya kuazima, kinywaji kimevaa sifa ya tunda.

Halafu mchukue mtu wa mapokezi. Amesikia malalamiko, kazi yake amefundishwa kumaliza maswali haraka. Tabia yake ya kila siku ni kufunga mazungumzo, sio kusikiliza. Hakukaa akapanga uovu, amezoea. Meneja naye, mara ngapi amepitisha sentensi za "kweli lakini"? Ukiandika aya hii utaona wapi nadharia ya tabia inashinda zile mbili, inaeleza kosa lilivyokua polepole mpaka siku ya simu.

Na njia zetu? A ni kiburi. B ni woga uliojificha kwenye jina la busara, maana wanajua ukweli wanachokimbia ni kuuona uso wa mteja. Lakini kuna kuzidi pia: meneja anayekimbilia redioni asubuhi ileile kabla hajapima chochote huyo sio jasiri, ni mwenye pupa, na akikuta watoto walikosea vipimo atakuwa ameharibu kazi za watu bure. Katikati ni C kwa mpangilio wake: simamisha tangazo leo, wapigie watoto uwaombe data, pima ndani ya siku chache, kisha sema.

Ona hiyo ya kuwaomba watoto data. Zile nadharia mbili za mwanzo hazikuitoa, hii imeitoa. Ndo ushahidi kwamba umeitumia.

## Hatua ya 6: Zigombanishe

Usiandike "nadharia zote tatu zinakubaliana". Hata zikichagua njia moja hazijakubaliana sababu, na mahali zinapoachana ndo maksi zilipo. Kwa kesi yetu mimi ningeandika mambo mawili tu.

La kwanza, kile kiasi kidogo. Kama madhara kwa kila familia ni dola moja na vitamini kidogo, mtu wa manufaa wa tukio moja anaona gharama za kutangaza hadharani ni kubwa kuliko kinachookolewa. Mtu wa haki anajibu kwamba udogo wa deni haulifuti, ukinidai shilingi mia bado unanidai. Hawapatani, na wewe useme unasimama wapi.

La pili, lebo dhidi ya sentensi. Nadharia ya haki inapata urahisi kwenye lebo, maana kuna namba ya uongo. Kwenye sentensi ya matunda inabidi ipite kwenye lile jaribio la kutojua. Nadharia ya tabia ni kinyume chake, sentensi ndo inaikasirisha zaidi, kwa sababu namba ya lebo inaweza kuwa kosa la maabara lakini sentensi kama ile mtu alikaa akaichonga.

## Hatua ya 7: Andika uamuzi

Aya moja. Njia gani, nadharia ipi imebeba uzito, na kitu gani kingekufanya ubadili msimamo. Mfano wangu:

*Ningechagua C. Imebebwa na hoja ya haki, kwa sababu waliokwisha kulipa hawafikiwi na B, na mpangilio wa utekelezaji nimeutoa kwenye nadharia ya tabia. Kama vipimo vya kampuni vingeonyesha kinywaji kinazo zile miligramu 7, nisingerudisha pesa, ila sentensi ya matunda ningeiondoa hata hivyo, kwa sababu bado inauza kwa kutojua kwa mnunuzi.*

Hiyo "ila" ya mwisho ndo inaonyesha uliyatenganisha makosa mawili tangu hatua ya 1.

## Ukikwama

Nadharia zote zinanipa jibu moja bila ugomvi. Njia zako ni mbovu. Rudi hatua ya 2 uiboreshe B mpaka uanze kuionea huruma.

Nimeishiwa maneno kwenye tabia. Hujamtaja mtu. Taja cheo, taja siku, taja alichozoea kufanya.

Kesi yangu ni ya dukani kwetu, haina kipimo wala mahakama. Inafaa, ila andika "nimeambiwa" na "nimeona" kila moja mahali pake na usimtaje mwenye duka jina. Mwaka jana mmoja aliandika sabuni ya mtaani kwao inayodai inaua wadudu wote. Hakuwa na maabara, alichofanya ni kumuuliza muuzaji "unajuaje?" mara tatu akaandika majibu yote matatu, kila moja tofauti na mwenzake. Nilimpa kumi na saba.